Hati ya timu mseto: nani aamue nini idara zinapogongana

Barua ya uteuzi hutoka ikiwa na majina saba au manane kutoka idara mbalimbali, na lengo lake huandikwa kwa sentensi moja. Kikao cha kwanza hakijamaliza dakika kumi, swali limeshazuka: je, tunahitaji hati ya timu, au hadidu za rejea tulizopewa zinatosha? Mmoja huona ni kitu kilekile chenye majina mawili. Mwingine hufikiria karatasi ya maadili ya kubandika ukutani, yenye maneno kama "tutaheshimiana" na "tutawahi vikao". Wa tatu hudai huo ni urasimu: kazi ipo, watu wapo, tuanze.

Mkanganyiko huu una sababu zake, na uchambuzi huu unajaribu kuzitenganisha. Unapima pia misimamo inayoshindana kuhusu sehemu nne ambazo hati ya timu hubeba, yaani dhumuni, majukumu, kanuni za uamuzi na mazoea ya kazi. Ili hoja zisielee hewani, zitapitishwa katika kazi moja ambayo haiwezi kufanywa na idara moja peke yake: kupunguza upotevu wa maji katika mamlaka ya maji ya mji.

## Chanzo cha mkanganyiko

Hadidu za rejea hutoka juu. Zinasema taasisi inataka nini, kwa muda gani, na taarifa ipelekwe kwa nani. Hati ya timu huandikwa na wanatimu wenyewe baada ya kuzipokea, nayo hujibu swali ambalo hadidu haziligusi: sisi, tuliotoka idara tofauti na wenye mabosi tofauti, tutafanyaje kazi hii pamoja? Hadidu zinaweza kuandikwa bila kujua nani atateuliwa. Hati haiwezi.

Ndani ya idara moja, mambo mengi hayahitaji kuandikwa, kwa sababu mkuu wa idara yupo na watu wakishindwa kukubaliana humwendea. Timu mseto haina mtu wa aina hiyo. Kiongozi wake mara nyingi ni mratibu tu, hana mamlaka ya kinidhamu juu ya mtu wa idara nyingine, wala hashiki bajeti ya idara hiyo. Pengo hilo la mamlaka ndilo hati inapaswa kuliziba. Ikiishia kwenye ahadi za tabia njema, pengo linabaki wazi, na wanaosema hati ni karatasi tupu wanakuwa wamepata ushahidi.

Utafiti unaotajwa sana katika suala hili ni wa John Mathieu na Tammy Rapp, uliochapishwa mwaka 2009. Walifuatilia timu 32 za wanafunzi wa shahada ya uzamili ya biashara zilizoshindana katika zoezi la kuiga uendeshaji wa kampuni. Timu zilizokuwa na hati nzuri pamoja na mkakati mzuri wa kazi zilidumu kufanya vizuri kuliko zile zilizokuwa dhaifu katika yote mawili. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini yana mpaka wake. Wanafunzi wale hawakuwa na wakuu wa idara nyuma yao wanaovuta kila mmoja upande wake. Timu mseto ya kazini inabeba mzigo huo, na ndiyo maana hati yake lazima iende mbali zaidi.

## Kazi yenyewe: maji yanayopotea

Chukua mamlaka ya maji ya mji wa wastani, na ndani yake ukanda mmoja wenye wateja 1,500. Mfano huu ni wa kubuni, ila hesabu zake ni za kawaida kwa watu wa fani hii. Kwa mwezi zinaingia yuniti 30,000, yaani mita za ujazo 30,000, kupitia mita kubwa ya ukanda. Ankara zinazotolewa zinajumlisha yuniti 18,000. Yuniti 12,000 hazijulikani zilikokwenda: asilimia 40.

Upotevu huo una sura mbili. Kuna maji yanayovuja ardhini, kwenye maungio, valvu na mabomba yaliyochakaa. Na kuna maji yaliyomfikia mtumiaji lakini hayakulipiwa, kwa sababu mita imezeeka na inasoma pungufu, msoma mita amekosea, au mtu amejiunganishia bila kibali. Sura ya kwanza ni ya Idara ya Ufundi na ya pili ni ya Idara ya Biashara. Mtunza kanzidata wa TEHAMA anahusika na zote, na malalamiko yote humwangukia mtu wa Huduma kwa Wateja.

Katika hali ya kawaida, Ufundi husema, "Tatizo ni mita zenu." Biashara hujibu, "Tatizo ni mabomba yenu." Kila upande unasema ukweli nusu, na hakuna idara inayoweza kumaliza jambo hili bila nyingine. Ndiyo maana mkurugenzi mtendaji anaunda timu mseto ya watu saba na kuipa miezi tisa.

## Nani aandike hati: misimamo mitatu

Msimamo wa kwanza unasema uongozi uandike kila kitu na timu itekeleze. Faida yake ni uzito. Karatasi yenye saini ya mkurugenzi haipuuzwi na mkuu wa idara, na huandikwa kwa siku moja. Udhaifu wake ni kwamba mkurugenzi hajui migongano midogo ya kila siku. Hajui, kwa mfano, kwamba fundi wa ukanda hufunga valvu mchana bila kumwambia mtu wa Huduma kwa Wateja, na simu za malalamiko ndizo zinazomfikishia habari. Kanuni zilizoandikwa na asiyeijua migongano hiyo huwa za jumla mno kiasi cha kutosaidia.

Msimamo wa pili unasema timu ijiandikie yote. Wanatimu wanafahamu kazi, na kanuni waliyoitunga wenyewe wanaifuata kwa hiari zaidi. Lakini timu haiwezi kujipa mamlaka ambayo haikupewa. Ikijiandikia kwamba itaamua mita zipi zinunuliwe, hati itagonga ukuta wa kwanza. Katika taasisi ya umma nchini Tanzania, afisa masuuli, bodi ya zabuni na kitengo cha usimamizi wa ununuzi wana majukumu yao kisheria, na karatasi ya timu haiwezi kuyahamisha. Zaidi ya hayo, timu mpya hupenda kukwepa maswali makali. Wiki ya kwanza watu hawajuani, hakuna anayetaka kuonekana mgomvi, kwa hiyo wanakubaliana juu ya mambo ambayo hakuna aliyeyapinga tangu mwanzo.

Msimamo wa tatu unasema kusiandikwe kitu mapema, kazi ianze na kanuni zitajitokeza zenyewe. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa kuwa kanuni iliyotokana na tatizo halisi ni bora kuliko iliyobuniwa mezani. Kasoro yake inaonekana katika utafiti wa Connie Gersick wa mwaka 1988. Alifuatilia makundi manane tangu kikao cha kwanza hadi mwisho wa kazi, akaona kwamba mtindo ulioanza katika kikao cha kwanza ulidumu hadi karibu nusu ya muda, ndipo makundi yakabadilika. Maana yake ni kwamba timu isipochagua mtindo, itarithi ule uliojitokeza kwa bahati, na kwa miezi tisa itakaa nao zaidi ya minne kabla ya kushtuka.

Ukiipima misimamo hii, njia inayosimama ni ya kugawana kalamu. Uongozi unaandika mipaka: lengo, muda, rasilimali, na mambo ambayo si ya timu. Timu inaandika yaliyo ndani ya mipaka hiyo. Kisha mkurugenzi na wakuu wa idara waliotoa watu wanasaini hati nzima. Saini za wakuu hao zina uzito kuliko za wanatimu wenyewe, maana wao ndio wenye uwezo wa kumrudisha mtu wao idarani siku yoyote.

## Dhumuni: namba moja haitoshi

Sehemu hii huonekana rahisi kuliko zote, na ndiyo inayoharibu timu nyingi kimyakimya. Wapo wanaotaka dhumuni liwe pana ili timu ipate nafasi ya kufikiri: "kuboresha ufanisi wa huduma ya maji." Wapo wanaotaka liwe namba moja inayopimika: "kupunguza upotevu kutoka asilimia 40 hadi 30 kwa miezi tisa." Wa kwanza wanaepuka kubanwa, ila hakuna atakayejua kama kazi imekwisha. Wa pili wanajua watakapofika, ila namba moja ina mlango wa nyuma.

Tazama mlango huo ulivyo. Idara ya Biashara ikiongeza ankara za makadirio kwa yuniti 3,000 katika ukanda wetu, maji yaliyolipishwa yanakuwa 21,000, na upotevu unashuka hadi 9,000 kati ya 30,000. Hiyo ni asilimia 30 kamili. Lengo limefikiwa bila tone moja kuokolewa, na wateja wanalipia maji wasiyoyatumia. Ufundi nao wana njia yao. Wakiongeza saa za mgao, mabomba yanakaa makavu muda mrefu na uvujaji unapungua. Upotevu unashuka kwenye karatasi, na mji unashika ndoo.

Kwa hiyo dhumuni linahitaji lengo pamoja na vizuizi. Lengo: yuniti zinazopotea kwa mwezi zishuke kutoka 12,000 hadi 9,000. Vizuizi: saa za huduma zisipungue chini ya zilivyokuwa siku timu ilipoanza, na ankara za makadirio zisizidi asilimia iliyokubaliwa mwanzoni. Kila kizuizi kinawafunga watu wa idara fulani wasiishinde hesabu kwa njia rahisi, na wote wanaona kwamba kila mmoja amefungwa sawa.

Inafaa pia kuandika upotevu kwa kiasi, sio kwa asilimia peke yake. Yuniti 12,000 kwa mwezi zikigawanywa kwa siku 30 na wateja 1,500 ni takribani lita 267 kwa kila mteja kwa siku. Asilimia inaweza kuyumba kwa sababu tu kiwanda kimoja kikubwa kimefungwa na matumizi yameshuka. Lita zinazopotea kwa kila mteja zinabaki kwenye jambo lenyewe.

## Majukumu: mwenye neno la mwisho ni mmoja

Chombo kinachotumika sana ni jedwali la RACI, linaloonyesha kwa kila kazi nani mtekelezaji, nani mwajibikaji, nani wa kushauriwa na nani wa kujulishwa. Watetezi wake wanasema linaondoa visingizio. Wanaolipinga wanasema katika timu ya watu saba linageuka msitu wa herufi, kwani kila mtu huomba "kushauriwa" katika kila kitu ili asipitwe.

Pande zote mbili zina hoja, na tofauti iko katika urefu wa jedwali. Jedwali la kazi 40 halisomwi na mtu baada ya wiki ya pili. La kazi nane, zile ambazo idara mbili zinagusana, linatumika. Katika timu yetu kazi hizo ni kama kufunga valvu, kubadilisha mita, kusafisha kanzidata ya wateja, kupima mtiririko wa usiku, na kumjibu mteja ambaye ankara yake imepanda baada ya kubadilishiwa mita. Kazi ambayo fundi huifanya peke yake tangu zamani haihitaji safu kwenye jedwali.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa kila kazi kati ya hizo nane, jina la mwajibikaji liwe moja, tena liwe jina la mtu. Ukiandika "Idara ya Biashara", siku kazi ikikwama hutajua umpigie nani.

Mambo mawili husahaulika mara nyingi. La kwanza ni uwakilishi. Mjumbe akisafiri, idara humtuma mtu mwingine "kukaa kikaoni", naye kila akiulizwa husema atalipeleka kwa mkuu wake. Hati itamke kwamba kila mjumbe ana mbadala mmoja anayejulikana kwa jina, na mbadala huyo anaingia na mamlaka yaleyale. La pili ni tathmini ya utendaji. Katika utumishi wa umma Tanzania, mtumishi hupimwa kupitia mfumo wa PEPMIS na msimamizi wake wa kawaida. Kama kazi ya timu haikuingizwa humo, mjumbe ataifanya baada ya kumaliza ile anayopimwa nayo, na hakuna kanuni ya mahudhurio itakayobadilisha hilo. Hati iandike sehemu ya muda wa kila mjumbe iliyotengwa kwa timu, mathalani siku mbili kwa wiki, na mkuu wake akubali kuiingiza kwenye majukumu yake.

## Kanuni za uamuzi: moyo wa hati

Hapa ndipo misimamo inaposhindana zaidi, na ndipo hati nyingi hukaa kimya.

Njia ya maridhiano inataka wote wakubali. Nguvu yake ni kwamba uamuzi ukishapita, hakuna wa kuuhujumu. Udhaifu wake ni kwamba ni ya polepole, na inampa kila mmoja kura ya turufu. Kuna hatari nyingine ya kimyakimya: katika kikao chenye mhandisi mwandamizi na msoma mita, ukimya wa msoma mita huhesabiwa kuwa kukubali, kumbe ni adabu.

Njia ya kura ni ya haraka na ya wazi. Lakini katika timu mseto, kura huhesabu idara kabla ya hoja. Kama wanne kati ya saba wametoka Ufundi, mambo yote ya Ufundi yanapita, na watatu waliobaki watajifunza upesi kwamba kuja kikaoni ni kupoteza muda.

Njia ya kiongozi kuamua ina kasi, na mtu wa kuulizwa anajulikana. Inahitaji kiongozi anayeaminiwa na idara zote, jambo lisilopatikana kirahisi, kwa kuwa kiongozi naye ametoka idara fulani.

Njia ya mwenye kazi kuamua baada ya kushauriana inaweka uamuzi kwa anayeijua kazi. Kasoro yake ni kwamba mwenye kazi anaweza kuona maslahi ya idara yake tu, ya wengine yakampita.

Kosa ni kutafuta njia moja kwa maamuzi yote. Maamuzi hayalingani uzito. Kigezo kinachofaa kuyapanga ni maswali mawili: kosa likitokea, linarekebishika kwa urahisi? Na gharama yake inamwangukia nani? Ukitumia maswali hayo katika timu yetu, maamuzi yanajipanga katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni yale yanayorekebishika na yenye gharama ndogo. Kufunga valvu kwa saa zisizozidi sita ili kutafuta uvujaji ni uamuzi wa mhandisi wa ukanda peke yake, kwa sharti kwamba Huduma kwa Wateja wapate taarifa saa 24 kabla, isipokuwa bomba likipasuka.

Kundi la pili ni yale ambayo gharama inaangukia idara nyingine. Kubadilisha mita za mtaa mzima ni uamuzi wa mjumbe wa Biashara, lakini lazima kwanza amsikilize mjumbe wa Huduma kwa Wateja. Sababu ni ya kawaida. Mita ya zamani husoma pungufu, mpya husoma sawasawa, na ankara ya mwezi unaofuata inapanda ingawa mteja hakubadili matumizi. Wasipopanga maelezo mapema, foleni ya malalamiko itajaa katika wiki moja na wakubwa watasitisha zoezi.

Kundi la tatu ni yale magumu kuyarudisha: kubadili namna ya kupima lengo, kulegeza kizuizi, au kuhamia ukanda mwingine. Hayo yanahitaji maridhiano ya wote, na kila mjumbe aulizwe kwa jina. Swali lisiwe "unakubali?" bali "una pingamizi unaloweza kulieleza?" Mtu anaweza kutopenda jambo na bado asiwe na pingamizi. Kanuni hiyo hupunguza ubishi bila kuwanyamazisha watu.

Kundi la nne ni yale ambayo si ya timu kabisa: ununuzi, nidhamu ya watumishi, bei za maji ambazo nchini Tanzania huidhinishwa na EWURA, na kumfikisha mahakamani aliyejiunganishia maji. Timu inapendekeza na haiamui. Kuyaandika wazi kunaokoa vikao vingi.

Linabaki swali la mkwamo. Hati iseme kwamba mabishano yakikosa jibu ndani ya siku mbili za kazi, pande zote mbili zinaandika ukurasa mmoja wa pamoja wenye ukweli wanaokubaliana na mahali wanapotofautiana, kisha mkurugenzi anaamua. Ukurasa uwe mmoja kwa makusudi. Kila upande ukimfuata mkurugenzi kwa mlango wake, anapata hadithi mbili, na atakayeshinda ni aliyefika wa mwisho.

Mgongano mkubwa wa timu hii unaonyesha kanuni hizo zinavyofanya kazi. Ufundi na Biashara wanabishana upotevu wa nani ni mkubwa. Hati imeshatamka kwamba mabishano ya aina hiyo yataamuliwa kwa kipimo cha usiku, kati ya saa nane na saa kumi, watu wengi wakiwa wamelala. Wajumbe wa pande zote wanasoma mita ya ukanda pamoja. Tuseme zinaingia yuniti 14 kwa saa, na matumizi halali ya usiku yanakadiriwa kuwa yuniti nne. Zinazobaki 10 ni uvujaji. Kwa saa 720 za mwezi ni yuniti 7,200, na hicho ni kiwango cha juu, kwa sababu mchana msukumo wa maji hushuka na uvujaji hupungua nao. Katika zile 12,000, basi, angalau 4,800 ni za upande wa mita, usomaji na wizi. Tahadhari moja: matangi ya majumbani yanayojazwa usiku huongeza mtiririko, kwa hiyo kipimo kirudiwe usiku kadhaa kabla ya kukiamini. Lakini hata kwa tahadhari hiyo, ubishi wa "mita zenu, mabomba yenu" umepata jibu ambalo pande zote zimelishuhudia: wote wana kazi ya kufanya.

## Mazoea ya kazi: machache yanayoshikika

Wengine wanataka hati itaje kila kitu, kuanzia muda wa kujibu ujumbe hadi mavazi ya kazini. Wengine wanaona mazoea hayaandikiki. Ukweli ni kwamba zoea linastahili kuandikwa pale tu desturi za idara zinapotofautiana. Mafundi wamezoea kupigiana simu, wahasibu wamezoea barua. Mahali hapo ndipo panapohitaji kanuni.

Katika taasisi zetu mambo matatu yana uzito kuliko mengine. Kwanza, kundi la WhatsApp. Ni la kupashana habari na haliamui jambo. Uamuzi ambao haukuandikwa kwenye daftari la maamuzi, ukiwa na tarehe na jina la mwajibikaji, haupo. Bila kanuni hiyo, mtu atatafuta katika ujumbe mia tatu kama ile alama ya dole gumba ilikuwa kibali au salamu.

Pili, posho. Timu nyingi zinasita kulitaja jambo hili, na kwa kusita huko zinajijengea chuki. Kama vikao havina posho, iandikwe siku ya kwanza. Kama kazi ya usiku ina malipo, iandikwe nani analipwa na kwa fungu la idara gani. Fundi akilipwa na msoma mita aliyesimama naye kwenye mita ileile asilipwe, kipimo cha usiku kitakosa shahidi wa pili kabla ya mwezi kwisha.

Tatu, utaratibu wa kusema. Mkubwa akitangulia kutoa maoni, wadogo huyafuata. Zoea la wadogo kuanza linagharimu dakika chache, na huleta habari za mtaani ambazo ofisini hazifiki. Msoma mita ndiye anayejua nyumba ambayo maji yanatoka kila siku na mita haizunguki.

## Dalili za hati iliyokufa

Hati iliyokufa huonekana kwenye mihtasari ya vikao. Jambo lilelile likirudi kwenye yatokanayo mara tatu mfululizo, hakuna mwenye neno la mwisho juu yake. Akidi ikitimia kwa wawakilishi tu, wakuu wa idara wamejitoa bila kusema. Uamuzi ukibadilishwa nje ya kikao na timu ikapata habari baadaye, mipaka haikuandikwa au haikusainiwa.

Tiba ni mapitio yenye tarehe. Kwa kuwa makundi huelekea kubadilika karibu na nusu ya muda, timu ya miezi tisa ipange mapitio mwishoni mwa mwezi wa nne, pamoja na kikao kifupi wiki ya tatu, baada ya migongano ya kwanza kujitokeza. Hapo hoja ya wale wa "tuanze kwanza" inapata haki yake: toleo la kwanza ni fupi, na linasahihishwa kwa yaliyotokea kweli.

## Hitimisho

Hadidu za rejea na hati ya timu hazishindani. Hadidu zinaeleza kinachotakiwa, na hati inaeleza watu wa idara tofauti watakavyokifikia. Kuhusu mwandishi, uongozi uweke mipaka, timu ijaze yaliyo ndani, na wakuu wa idara wasaini. Kuhusu dhumuni, lengo liambatane na vizuizi, la sivyo namba itafikiwa na tatizo litabaki. Kuhusu majukumu, jedwali fupi lenye jina moja kwa kila kazi, na muda wa mjumbe utambuliwe katika tathmini yake. Kuhusu mazoea, yaandikwe yale tu ambayo desturi za idara zinagongana.

Katika hizo nne, kanuni za uamuzi ndizo zenye uzito zaidi. Timu yenye dhumuni lililoandikwa vibaya inaweza kulirekebisha ikiwa inajua nani ana haki ya kulirekebisha. Timu isiyojua hilo haiwezi kurekebisha chochote, hata ikiwa na dhumuni zuri namna gani. Kwa hiyo ukiteuliwa katika timu mseto na ukapewa saa mbili tu za kuandika hati, anza na ukurasa wa maamuzi, na usitoke chumbani kabla ya kujua mkikwama mtampelekea nani, na ndani ya siku ngapi.